Naomba ushauri: mtaji wa kikundi umeshuka kwa asilimia 50

Ndugu wanachama, kikundi chetu cha wakulima wa korosho hapa Masasi, Mtwara, kiliweka shilingi 8,000,000 kwenye hisa, na sasa thamani yake ni 4,000,000. Baadhi ya wenzangu wanaamini kwamba hisa hizo zikipanda kwa asilimia 50 tutakuwa tumerudi tulipoanzia, jambo ambalo ningependa lieleweke vizuri kabla hatujaamua lolote. Asilimia 50 ya kushuka ilihesabiwa juu ya milioni 8, lakini ile ya kupanda itahesabiwa juu ya milioni 4 zilizobaki, kwa hiyo itatuongezea milioni 2 tu na kutufikisha milioni 6. Ili turudi milioni 8, milioni 4 hizi zinapaswa kuzaa milioni 4 nyingine, yaani asilimia 100. Hata tukipata asilimia 10 kila mwaka bila kuchukua faida, itatuchukua zaidi ya miaka 7.

Hasara ndogo haina ukali huo, kwani anayepoteza asilimia 20 anahitaji 25 tu.

Lipo pendekezo la kuongeza milioni 4 baada ya mauzo ya korosho. Salio litasomeka milioni 8, lakini tutakuwa tumetoa milioni 12, na hasara itabaki ileile, ingawa kupanda kwa asilimia 50 kutatosha kuifuta.

Je, tuongeze fedha hizo, au tuziweke akiba? Na je, kwa watu wanaotegemea msimu mmoja wa mavuno, kikomo cha hasara cha asilimia 20 kinafaa?