MREJESHO: Barua ya mavazi matatu kabla ya kuchapa

Swali langu lilikuwa: “Nimwandikieje mteja achague vazi kati ya matatu kabla sijachapa picha ya marehemu baba yake, inchi 16 kwa 20?”

Asanteni sana wakuu. Nilimtumia mteja picha tatu za mfano kwenye simu: A suti nyeusi, B kanzu na koti jeusi, C shati la kitenge, uso uleule, jina la studio likipita katikati. Sentensi iliyosaidia zaidi: “Nijibu kwa herufi moja kabla ya Ijumaa, nikishachapa, kubadili vazi utalipia karatasi upya.” Akajibu B siku hiyohiyo.

Kilichokwama ni koti. Kwenye simu yake mikunjo ilionekana, kwenye karatasi likawa jeusi tii. Nikaongeza mwanga kwenye vivuli, nikajaribu kwanza kipande cha kola na bega, inchi 4 kwa 6, mikunjo ikarudi. Barua ijayo itasema wazi kwamba karatasi hutoka nyeusi kuliko kioo cha simu.