Kikaango kimebanduka ndani ya miezi miwili, ninunue kampuni gani?

Mama Pacha: Wakuu, habari za jioni. Nilinunua seti ya vyombo visivyogandisha Kariakoo, mfuniko wa kioo, vizito kweli. Kikaango kimeanza kutoa magamba meusi kwenye mayai. Naombeni jina la kampuni salama, nina watoto wadogo.

Mzee wa Pwani: Kansa hiyo dada. Tupa, rudi kwenye chungu. Mke wangu anapikia chungu, na samaki wa nazi wake humalizi kumsifia.

Fundi Vyombo: Magamba ukiyameza hutoka kama yalivyoingia. Usiyafurahie, lakini hofu kubwa ni moto. Unapikia nini, na unaoshea nini?

Mama Pacha: Gesi. Sifongo laini.

Fundi Vyombo: Gesi tu?

Mama Pacha: Na mkaa siku gesi ikiisha. Natenga kikaango kipate moto huku nakata vitunguu. Juzi kilitoa moshi, na chiriku wawili wa mwanangu wakafa kwenye tundu hapo jikoni. Ila joto la Dar lenyewe linaua ndege!

Chizi Maarifa: Hii chai, na sukari imezidi 😂 Kikaango kiue ndege? Kesho atatuuzia seti.

Fundi Vyombo: Si chai. Ile ngozi nyeusi huanza kuharibika ikipita nyuzi 260, na kikaango kitupu kwenye moto mkali hufika hapo kwa dakika chache. Mapafu ya ndege hayahimili ule moshi. Binadamu anaweza kupata homa kama mafua.

Chizi Maarifa: Mbona yangu imeandikwa haina PFOA?

Fundi Vyombo: Hiyo ni kemikali iliyokuwa inatumika kiwandani kutengenezea ngozi. Ngozi yenyewe bado ni ileile, na ukiiunguza inatoa moshi uleule.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Mimi sufuria za alumini zinanitosha, ila mchuzi wa ukwaju ukilala humo asubuhi una ladha ya chuma.

Fundi Vyombo: Asidi inakula alumini. Pika, kisha hamishia kwenye bakuli. Zile za kuyeyusha vyuma chakavu ziogope zaidi, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mama Pacha, uzito usikudanganye, wakati mwingine ni mfuniko na mshikio. Laza rula kwenye kitako: mwanga ukipita katikati, kimeshapinda. Kitako chembamba hupata moto sehemu moja, na ngozi huanza kubanduka hapohapo.

Mama Pacha: Nimepima. Mwanga unapita, kidole kinakaribia kuingia.

Mzee wa Pwani: Chungu, dada.

Fundi Vyombo: Basi kitoe jikoni. Kampuni tutaongea baadaye.

Mama Pacha: Tatizo nimeshalipa nusu ya seti nyingine kumi na mbili za kampuni hiyohiyo. Wateja wa kikoba wanazisubiri. Na hizo mpya ni rangi ya marumaru, si nyeusi.

Chizi Maarifa: SI NILISEMA?

Fundi Vyombo: Rangi haina neno. Uliza kitako kina milimita ngapi kabla hujamalizia hela.

Mama Pacha: Muuzaji hapokei simu.