Naomba ushauri: chaja ya gari la umeme imeandikwa Kichina kitupu

Wadau, jana jioni nilifika kwenye chaja moja huku Kilimani, betri imebaki asilimia 9. Plagi ya GB/T ikaingia sawa, lakini skrini yote Kichina. Nikamtumia picha binti wa jirani aliyesoma Kichina: 扫码 ni kuskani msimbo, 刷卡 ni kugusisha kadi. Nikaskani, ukataka WeChat Pay. Mimi nina M-Pesa tu!

Mlinzi akagusisha kadi yake, chaja ikaanza kunguruma. Mwishoni skrini ikaonyesha 14.0 kWh, akaniomba 800, karibu shilingi 57 kwa uniti. Risiti hakuna.

Hiyo ni bei ya kituo au ya mlinzi? Na kadi kama ile naipataje?