Msimamizi ananipa neno la siri la muda, NLA inanifungia mlango, halafu anasema kosa ni Linux yangu!

Mhasibu_Kamalondo (Lubumbashi)

Wandugu, nina hasira. Ninafanya hesabu za kampuni moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi. Programu ya mishahara iko kwenye Windows yao ofisini; mimi nikiwa nyumbani naingia kwa VPN, kisha xfreerdp. Neno langu la siri lilipoisha muda nikaomba jipya. Msimamizi wao akanitajia la muda kwa simu, nikaandika kama siku zote:

```
xfreerdp /v:10.8.0.20 /d:OFISI /u:mhasibu
```

Ikaniuliza neno la siri, nikaliandika, jibu likawa hili:

```
ERRCONNECT_PASSWORD_MUST_CHANGE [0x00020013]
```

Sawa, nibadilishe. Lakini wapi? Hakuna dirisha wala kisanduku, programu inajifunga tu. Nampigia msimamizi, ananiambia ninunue Windows! Madereva wako Kasumbalesa wanangoja posho, na simu wananipigia mimi, si yeye.

Fundi_Katuba

Ongeza `/cert:ignore` mwishoni, itapita. Mimi ndivyo ninavyofanya kila mahali.

Mhasibu_Kamalondo

Ndugu, soma kosa nililoweka. Cheti hakijakataliwa. Usinifanye niache kukagua seva ninayoipelekea neno la siri, kwa shida ambayo haihusiani.

MamaNeema_Bukavu

Pole kaka. Mimi ilinisumbua hivyohivyo, neno sahihi linakataliwa. Kumbe neno langu lilikuwa na alama ya dola, kitu kama `/p:Kivu$2024`, na shell ilikuwa inameza `$2` kabla xfreerdp haijaona. Nilipolizungushia alama moja-moja, `'/p:Kivu$2024'`, nikaingia.

Yaya_Terminali (Goma)

Mama, lako ni kweli, ila wewe lazima uliona `ERRCONNECT_LOGON_FAILURE`, namba inayoishia na 14. La huyu ndugu linaishia na 13, na tofauti hiyo ni kubwa. Windows haisemi "lazima ubadilishe" mpaka iwe imelipima neno la siri na kulikuta sahihi. Kwa hiyo mdogo wangu, neno ulilopewa ni zuri, na Linux yako imelifikisha salama.

Shida ni mpangilio. Kwa NLA, unathibitishwa kwanza, kabla seva haijakuchorea skrini yoyote. Dirisha la kubadilisha neno la siri liko ndani ya skrini ile ya kuingilia, ambayo hufikishwi. Msimamizi ameacha tiki kwenye "User must change password at next logon", na huwezi kutimiza sharti bila kuingia. Hata ungekuwa na Windows nyumbani, NLA ingekugomea vilevile.

Kijana_Kampemba

Basi azime NLA upande wake. Aweke `/sec:tls`, skrini ya kuingilia itatokea, abadilishe.

Mhasibu_Kamalondo

Nimejaribu sasa hivi. Inaandika `HYBRID_REQUIRED_BY_SERVER`, inakufa.

Yaya_Terminali (Goma)

Kijana amesema nusu. `/sec:tls` inasaidia pale tu seva inapokubali wageni wasio na NLA; hiyo yenu inailazimisha. Na msimwombe msimamizi aizime kwa seva nzima kwa sababu ya mtu mmoja.

Kama VPN inakuruhusu kufika kwenye seva ya domeni kwa mlango 445, jaribu kubadilisha kwa Samba, bila kupitia skrini:

```
smbpasswd -r SEVA-YA-DOMENI -U mhasibu
```

Utaulizwa la zamani, kisha jipya mara mbili. Ikigoma, msimamizi aandike mstari huu kwenye PowerShell yake:

```
Set-ADUser mhasibu -ChangePasswordAtLogon $false
```

Uingie, halafu ubonyeze Ctrl+Alt+End ndani ya dirisha la Windows na ubadilishe mwenyewe.

Msimamizi_Kando

Na mimi nalinda seva za watu, nisikilizeni. Tiki ile tunaiweka ili neno la siri lijulikane na mwenye akaunti peke yake. Mkituambia tuiondoe, mfanyakazi atakaa na neno la muda mwaka mzima.

Mhasibu_Kamalondo

Basi kabla ya kuweka tiki, uliza mtu anaingilia wapi! Aliye ofisini anabadilisha kwenye mashine ya mezani. Mimi wa mbali mmeniwekea sharti ambalo mlango wenu wenyewe unanizuia kulitimiza, halafu mnaniambia ninunue kompyuta nyingine.

smbpasswd imekwama, VPN yao inafungua 3389 tu. Nimemtumia msimamizi ule mstari wa PowerShell. Ameusoma, hajajibu. Yaya, kuna njia ya tatu au nipande basi niende ofisini?