WhatsApp au Telegram: ipi inanyamazisha riaksheni lakini inaniacha nijibu juu kwa juu?

mpenda_kimya: Wakuu, tunahamisha grupu la kazi na mimi ndiye naamua liende wapi. Sitaki simu ilie kila mtu anapoweka dole gumba. Ila ujumbe wa kweli ukiingia nataka niujibu palepale kwenye arifa, bila kufungua app. Ipi inafaa?

Bi_Tausi: Simu gani? Android au iPhone? Na grupu lina watu wangapi? Unatuuliza dawa bila kutaja ugonjwa.

chuma_chakavu: Hamia Telegram, maliza mchezo. Au ingia mipangilio ya simu, zima arifa za WhatsApp, utulie.

fundi_rahisi: Chuma, ukizima huko arifa zote zinakufa, za ujumbe pia. Atajibia wapi sasa? Swichi inayotakiwa iko ndani ya app. WhatsApp: Settings > Notifications > Reaction notifications. Angalia vizuri, iko mara mbili, chini ya Messages na chini ya Groups. Wengi huzima ya juu kisha wanalalamika grupu bado linapiga kelele. Telegram nayo: Notifications and Sounds > Reactions, na unaweza kuruhusu za watu unaowajua tu.

mpenda_kimya: Android. Watu kama 40.

Bi_Tausi: Basi kwa riaksheni zote mbili sawa. Tatizo ni huko kujibu. Kwenye grupu letu mmoja aliuliza, "Nani anakuja kesho?" Nikaandika "Mimi" kwenye arifa ya WhatsApp. Nikiwa bado naandika, mwingine akauliza, "Nani kavuruga jedwali la mahesabu?" Jibu langu likatua chini ya hilo, halijanukuu swali lolote. Bosi akanipigia. Tangu siku hiyo kwenye grupu nafungua app kwanza, arifani najibu mtu mmoja mmoja tu.

chuma_chakavu: 😂 Kumbe ni wewe uliyevuruga!

sauti_ya_mwisho: Mimi kitufe cha Reply sikioni kabisa. Riaksheni hazinisumbui.

fundi_rahisi: Vuta arifa chini ipanuke, huwa kimejificha. Kama ni skrini iliyofungwa, pengine umeficha maandishi ya ujumbe. Fungua simu kwanza. Na ukituma kikaduara kikazunguka bila kuisha, angalia kama umeizuia app isifanye kazi nyuma kwa kuokoa betri. Jibu hapo halijaondoka.

sauti_ya_mwisho: Kimeonekana! Sasa nikijibu hivyo, yule mtu anaona tiki za bluu?

Bi_Tausi: Kwangu anaona.

chuma_chakavu: Kwangu hapana. Ndiyo maana nasema Telegram.

fundi_rahisi: Umeshamjibu, tiki za nini tena? Atajua umesoma.

mpenda_kimya: Jamani, na grupu langu?

chuma_chakavu: Telegram.

Bi_Tausi: Hao 40 wote wanayo Telegram?