Tupeane uzoefu: chupa za waragi na tonto ndani ya sanduku la ndege

Msafiri wa Kisubi
Ndugu zangu, salamu. Mwezi ujao ninasafiri kutoka Entebbe kwenda Brasels kwa harusi ya mdogo wangu, na ukoo umeniagiza nipeleke chupa nne za Uganda Waragi za mililita 750, pamoja na tonto kidogo, ile pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya wazee wetu walioko huko. Jirani yangu anashikilia kwamba kila abiria anaruhusiwa lita tano, hivyo nisihangaike. Ningependa kuwasikia waliokwisha kubeba: mlizifungaje zisivunjike, na mlipofika forodhani mliulizwa nini?

Kaka wa Arua
Jirani yako yuko sahihi. Mimi nilifika Londoni na chupa tano za ujazo huo huo, nikapita mlango wa kijani, na hakuna aliyeniuliza hata jina langu.

Binti Kilembe
Mume wangu alisimamishwa Brasels kwa chupa tatu tu, akatozwa ushuru na kucheleweshwa hadi waliokuja kumpokea wakadhani hakupanda ndege. Kaka wa Arua ama ulikuwa na bahati ama unatutania.

Kaka wa Arua
Dada, sina sababu ya kusema uongo mbele ya watu wasionijua. Labda shemeji alijibu kwa ukali.

Binti Kilembe
Shemeji yako ni mpole kuliko wewe.

Wakala wa Mizigo
Nimefanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa miaka mingi, na mabishano haya huyasikia kila Desemba. Nyote wawili mnasema kweli, ila mnachanganya sheria mbili ambazo hazijuani kabisa. Lita tano ni sheria ya usalama wa ndege. Inahusu kinywaji chenye kileo cha zaidi ya asilimia 24 hadi asilimia 70, na inakusudia kuzuia moto, kwa hiyo haijali unakwenda nchi gani wala utalipa nini ukifika. Kinywaji kisichozidi asilimia 24, kama vile bia na mvinyo, hakiguswi na kikomo hicho, na kile kinachozidi asilimia 70 hakipandi ndege kabisa.

Forodha ni jambo jingine, nalo huamuliwa na nchi unayoingia. Uingereza, tangu mwaka 2021, inamruhusu mtu mzima kuingia na lita nne za pombe kali bila ushuru. Chupa tano za mililita 750 ni lita tatu na robo tatu, kwa hiyo Kaka wa Arua alipita kihalali wala hakuhitaji bahati. Ubelgiji inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo kwa anayetoka nje ya umoja huo zinaruhusu lita moja tu ya kinywaji kinachozidi asilimia 22. Kwa hiyo, ndugu wa Kisubi, chupa zako nne ni lita tatu: kwa ndege huna tatizo, lakini kwa forodha chupa ya kwanza inapita na ya pili tayari imevuka. Ama upunguze, ama upite mlango mwekundu utangaze ulichobeba na kulipa. Kupita mlango wa kijani ukiwa na nne ndiko kunakoleta faini.

Ssalongo
Suluhisho ni rahisi. Gawanya chupa kwa watoto, kila mtoto na yake.

Wakala wa Mizigo
Mzee Ssalongo, watoto hawahesabiwi. Ulaya msamaha huo wa pombe haumhusu aliye chini ya miaka 17, na kwetu hapa Afrika Mashariki ni chini ya miaka 18. Ukisafiri na mkeo na shemeji zako watu wazima, kila mmoja ana lita yake, mradi kila mmoja awe na chupa yake.

Mama Pendo
Mmenikumbusha jambo ambalo nilidhani nimelisahau. Tulikuwa tunakwenda kwenye kuhingira, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti ya dada yangu, Stokholmu, na binamu yangu wa Bushenyi akaleta tonto iliyokamuliwa siku chache tu zilizopita, akaijaza hadi shingoni katika chupa za plastiki za soda na kukaza vifuniko kwa mkono wa mtu anayefunga nati za gurudumu. Chupa hizo zililala ndani ya sanduku usiku kucha, katikati ya gomesi yangu mpya na kanzu za wanaume, na asubuhi sanduku likawekwa nyuma ya gari lililokuwa limeanikwa juani. Tulikuwa hatujafika hata Kajjansi niliposikia mlio ambao sitausahau, na dereva akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akashuka akazunguka gari zima akiyapiga magurudumu teke moja moja. Aliporudi kutuambia kwamba yako salama, mlio wa pili ukatoka nyuma yangu. Tulipofungua sanduku povu lilikuwa bado linapanda, harufu ya ndizi na mtama imejaa gari, na gomesi imegeuka rangi ya chai. Chupa ya tatu ilikuwa imevimba kitako kiasi kwamba haikuweza kusimama. Kaka yangu akaifungua kidogo kidogo, huku uso ameugeuzia upande mwingine, ikalia kama paka kwa muda mrefu. Nilisafiri na nguo za kuazima kutoka kwa mke wa dereva.

Binti Kilembe
Pole sana Mama Pendo, ila nimecheka hadi wenzangu ofisini wamenigeukia.

Afande Mstaafu
Je, kifuniko cha ile ya tatu kilirushwa au kilibaki? Ninauliza kwa sababu mimi pia nina uzoefu wa milipuko.

Ssalongo
Hili ndilo ninalolisema siku zote. Huko juu hakuna hewa, na kule chini wanakoweka mizigo ndiko hakuna kabisa, ndiyo maana chupa hupasuka. Msibebe kitu cha maji.

Mama Pendo
Mzee wangu, tulikuwa barabara ya Entebbe. Ndege tulikuwa bado hatujaiona.

Wakala wa Mizigo
Mama Pendo amejibu vyema. Tonto changa bado inachacha: hamira inaendelea kula sukari na kutoa hewa ya ukaa, na joto huiharakisha. Hewa hiyo isipopata pa kutokea huipasua chupa hata ikiwa chini ya kitanda. Mzee Ssalongo ana nusu ya ukweli, kwa sababu shinikizo la hewa hupungua ndege ikipaa, lakini sehemu ya mizigo hujazwa hewa sawa na wanakokaa abiria, na haishuki chini ya ile ya mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000, na maduka yake yamejaa chupa ambazo hazijapasuka. Chupa ya kiwandani iliyofungwa vizuri haitajua kama imeruka. Yenye kizibo cha kusukumwa ndani inaweza kuvuja kidogo, hivyo ifungwe selotepu.

Kwa hiyo tonto isubiri ikomae na iache kutoa povu, vinginevyo ibaki nyumbani. Utaijua kwa kulegeza kifuniko: ikifoka, haijawa tayari.

Kaka wa Arua
Basi abebe enguli, pombe kali ya kienyeji, badala yake, maana ile haichachi tena. Mimi ningeitia kwenye dumu la lita tatu.

Binti Kilembe
Asithubutu. Mjomba wangu alileta ya kwetu Kasese katika chupa ya maji ya kunywa, na kwenye kaunta ya shirika fulani wakaikataa papo hapo. Aliwaeleza kwamba ni lita moja tu, wakamjibu kwamba tatizo si wingi.

Wakala wa Mizigo
Walikuwa na haki. Pombe kali lazima iwe katika chupa yake ya dukani, haijafunguliwa, ili nguvu yake isomeke kwenye lebo. Enguli ya dumu inaweza kuwa na asilimia 40 au zaidi ya 70, na hakuna wa kaunta atakayeionja ili ajue.

Mama Pendo
Kuhusu kufunga, tangu siku ile mimi hutumia nepi za mtoto. Nepi inazunguka tumbo la chupa, soksi nene inavishwa shingo, halafu chupa nzima inaingia katika mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu. Ikivunjika, nepi inakunywa na mfuko unazuia kilichobaki. Chupa zikae katikati ya sanduku, zisiguse ukuta wowote wala zenyewe kwa zenyewe, na kila upande pawe na nguo za unene wa kiganja.

Afande Mstaafu
Sanduku gumu ndilo bora. Laini ni mchezo.

Wakala wa Mizigo
Hapo sikubaliani nawe, Afande. Sanduku gumu lililojaa nusu huacha chupa zitembee, na linapoangukia kona pigo lote linakwenda kwa chupa iliyo karibu. Laini lililojazwa nguo hadi pomoni limenisalimishia chupa nyingi zaidi. Lolote utakalotumia, lifunge, linyanyue, litikise. Ukisikia kitu kinagonga au kuhisi uzito ukihama, fungua upange upya. Kumbuka pia kwamba chupa moja iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo moja, nawe una kilo zako za kuhesabiwa.

Afande Mstaafu
Bado ninasema gumu.

Msafiri wa Kisubi
Ninawashukuru. Je, nikiacha sanduku na kubeba chupa moja mkononi?

Binti Kilembe
Ya kutoka nyumbani haiwezekani. Kwenye ukaguzi chombo hakitakiwi kuzidi mililita 100. Lakini unaweza kununua katika duka la ndani, ukishapita ukaguzi.

Wakala wa Mizigo
Ukinunua hapo na utabadilisha ndege njiani, hakikisha wanaitia katika mfuko maalumu unaofungwa kwa muhuri, risiti ikiwa ndani na inaonekana. Usiufungue kabla ya safari ya mwisho, hata kwa kuonja. Mfuko ulioguswa hunyang'anywa kwenye ukaguzi wa pili, na kuna viwanja vinavyosumbua hata ukiwa mzima. Ni salama zaidi kununua katika kiwanja cha mwisho cha kubadilishia. Chupa hiyo nayo inahesabiwa katika lita yako moja ya Brasels.

Kaka wa Arua
Na akirudi?

Wakala wa Mizigo
Entebbe, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo. Wiski mbili za mililita 700 ni lita moja na mililita 400, kwa hiyo utaitwa pembeni.

Mwenye Mizinga
Samahani kwa kuingilia. Mimi ninapeleka asali, si pombe. Je, nayo ni lita moja?

Binti Kilembe
Asali haimo katika hesabu ya pombe, lakini mkononi itakataliwa kama kimiminika kingine chochote. Iweke sandukuni, na uulize kwanza kama nchi unayokwenda inapokea asali.

Msafiri wa Kisubi
Nimeamua kupeleka waragi mbili, moja kwangu na moja kwa mke wangu. Linalonitatiza ni kwamba wazee wamekataa kabisa kusikia habari ya kuiacha tonto.

Ssalongo
Waambie wapande ndege waje wainywe hapa.

Mama Pendo
Ukiibeba, mwanangu, usiiweke karibu na gomesi ya mtu.