Msimamizi ananitwisha lawama: nimkabili, nimripoti, nihame au niache kazi?

Salma_Takwimu

Wadau, habari za jioni. Naomba tulinganishe njia nne, maana nimezunguka nazo kichwani wiki tatu nzima na sijasogea hata hatua moja.

Niko kitengo cha ripoti, na kila mwisho wa mwezi tunatoa ripoti ya uendeshaji. Msimamizi mpya aliingia miezi 5 iliyopita. Tangu hapo ananikabidhi takwimu alasiri ya siku ya mwisho, nakesha nazo, na kosa likionekana kwenye kikao cha asubuhi anasema mbele ya watu wote: "Hiyo sehemu aliiandaa Salma." Mwezi uliopita nilifungua ukurasa wa mbele wa ripoti nikakuta jina langu halipo kabisa. Nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga hewa, kwa sababu nilihisi nitalia.

Naweza kumkabili mwenyewe. Naweza kulipeleka juu. Naweza kuomba uhamisho: kitengo cha ukusanyaji takwimu kina nafasi na fomu zinafungwa baada ya siku 18. Au niache kazi; notisi yangu ni siku 30 na akiba itanibeba miezi miwili hivi. Nyie mngepimaje?

Chuma_cha_Pua

Dada, usimbembeleze mtu wa namna hiyo. Andika barua kwa bosi wake leo, nakala kwa mkurugenzi, nakala utumishi. Jambo lisiloandikwa kazini halipo. Ukienda kuongea naye chumbani mkiwa wawili, kesho atakana kila kitu na wewe huna shahidi.

Mzee_wa_Utumishi

Nimeshughulikia malalamiko ya wafanyakazi kwa miaka 19. Chuma amesema kweli kuhusu kuandika, ila hapo kwenye kuruka moja kwa moja juu ndipo wengi wanapoumia. Swali la kwanza ambalo mkubwa atamuuliza Salma ni hili: "Umeshamwambia mwenyewe?" Akijibu hapana, barua inarudishwa chini kwa yule yule anayelalamikiwa, na sasa anajua kwamba ameshtakiwa.

Mimi huwapa watu maswali matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza: kinachokuumiza ni tendo, ni mtu, au ni utaratibu? Tendo ni kitu unachoweza kukitaja kwa tarehe na mtu akaacha kukifanya. Mtu ni pale unapoona anakulenga wewe: akizibwa huku anatokea kule. Utaratibu ni pale ambapo hata angekaa mtu mwingine kwenye kiti kile, bado ungeumia vile vile.

La pili: nani ana uwezo wa kulibadilisha, na je, ameshaambiwa kwa maneno yasiyo na mafumbo? Kununa hakuhesabiki, wala kuguna kikaoni.

La tatu: nikikosea hapa, naweza kurudi nyuma? Mazungumzo ya watu wawili yakienda vibaya, wiki ijayo mnaweza kurudia. Malalamiko rasmi hayafutiki, yanabaki kwenye jalada hata ukiyaondoa. Uhamisho ukiisha kusainiwa, kiti chako kinakaliwa. Kuacha kazi ndiyo kabisa. Kwa hiyo huwa naanza na kile kinachorudishika, isipokuwa jibu la swali la kwanza linikataze.

Salma, kabla hujachagua, chukua daftari. Andika kila tukio: tarehe, saa, kilichofanyika, nani alikuwepo. Usiandike "ananidharau". Andika alichosema. Kisha utuambie umeona nini.

Bahari_Tulivu

Pole sana mdogo wangu. Yalinikuta mimi. Nilivumilia mwaka mmoja na nusu, sikulala, nywele zilikuwa zinakatika. Mwisho niliandika barua ya mistari mitatu nikaondoka. Hakuna kazi yenye thamani kuliko afya yako, na hao wakikunyima malipo yako ya likizo usikubali, dai mpaka mwisho.

Salma_Takwimu

Asante dada Bahari. Mimi malipo hawajaninyima ila nimekuelewa, na pole kwa uliyopitia.

Mzee_wa_Utumishi

Bahari, naomba nikuulize kwa heshima: kwenye ile barua uliandika sababu gani?

Bahari_Tulivu

"Sababu binafsi." Niliona aibu kuandika ukweli.

Mzee_wa_Utumishi

Nakuelewa, wengi huandika hivyo. Nataja hapa kwa faida ya Salma tu. Sheria za nchi nyingi zinamtambua mfanyakazi aliyelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri aliifanya kazi isivumilike. Lakini anayetaka kudai hivyo huulizwa kama alilalamika kabla ya kuondoka na barua yake inasemaje. "Sababu binafsi" inampa mwajiri jibu rahisi sana. Tena muda wa kufungua dai kwa kawaida ni mfupi. Ndiyo maana hata mtu ambaye moyoni ameshaamua kuondoka namwambia apitie hatua za mwanzo kwanza, na amuulize mtu wa sheria au chama cha wafanyakazi kabla ya kusaini chochote.

Nuru_Asubuhi

Mzee, naomba nipinge kidogo. Huu mpangilio wa "kamwambie kwanza" unafaa ugomvi wa kazi. Haufai pale mtu anaposhikwashikwa, anapotishwa au anapoombwa asaini hesabu za uongo. Mtu asiambiwe akae chumba kimoja na anayemdhuru ili kutimiza ngazi.

Mzee_wa_Utumishi

Uko sahihi kabisa, na nilipaswa kulisema wazi tangu mwanzo. Udhalilishaji, vitisho, wizi, hatari kwa usalama: hapo unaruka hatua ya kwanza, unapeleka juu au nje siku hiyo hiyo. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unazungumzia ukatili na unyanyasaji kazini, na unataka mlalamikaji alindwe asilipiziwe kisasi. Sehemu nyingi taratibu za ndani nazo zina njia ya kumpita msimamizi kama yeye ndiye mlalamikiwa.

Salma_Takwimu

Nimerudi na daftari. Nimekaa nalo jana usiku nikipitia barua pepe za miezi 5. Matukio ni 11: saba ni takwimu kuchelewa, matatu ni lawama kikaoni, moja ni jina kuondolewa.

Sasa kuna kitu kimenishtua. Nilifungua zile barua pepe saba nikaangalia saa ambayo takwimu zilimfikia msimamizi mwenyewe. Mara tano zilimfikia alasiri ile ile, na alinipelekea ndani ya nusu saa. Mara mbili tu ndizo alikaa nazo, moja siku mbili na nyingine siku nne. Na zinakotoka zikiwa zimechelewa ni kitengo cha ukusanyaji, kile kile ninachotaka kuhamia.

Nilikuwa na hakika ananifanyia makusudi.

Chuma_cha_Pua

Hata hivyo! Ana mdomo, angekulinda kikaoni. Kukutaja jina mbele ya watu huku anajua alikupa kazi saa tisa, huo ni uonevu.

Mzee_wa_Utumishi

Chuma, hapo tuko pamoja. Tazama sasa jinsi lile fundo moja lilivyogawanyika. Kuchelewa ni utaratibu kwa sehemu kubwa, na mwenye uwezo juu yake si msimamizi peke yake. Lawama kikaoni na jina ni matendo yake, na hajawahi kuambiwa.

Uhamisho ungekupeleka mezani ambapo ucheleweshaji unazaliwa. Labda ungeurekebisha, labda ungekuwa wewe ndiye unayelaumiwa na vitengo vingine badala ya mtu mmoja. Kabla ya fomu, muulize mtu wa kule kwa nini wanachelewa. Soma pia fomu yenyewe: mara nyingi inahitaji saini ya msimamizi wa sasa, na nafasi mpya inaweza kuja na kipindi cha majaribio.

Kuhusu kumkabili: usiende dakika kumi baada ya kikao, moyo ukiwa bado unadunda. Omba nusu saa, siku ambayo hakuna ripoti. Anza na tukio moja, lililo karibu. Mimi ningesema hivi: "Kwenye kikao cha tarehe 2 ulisema sehemu yenye kosa niliiandaa mimi. Takwimu nilizipata saa 9:40 alasiri ya siku iliyotangulia, sikupata muda wa kuzihakiki. Nimebaki naonekana mzembe kwa wakuu. Naomba kosa likitokea tena tulijadili kwanza wawili, na ripoti ibebe majina ya walioiandaa." Kisha nyamaza. Ukijaza ule ukimya kwa "lakini si tatizo kubwa", umefuta ulichosema. Neno "kila mara" pia liache nyumbani, kwa sababu atatafuta siku moja ambayo hakufanya na mazungumzo yataishia hapo.

Suala la kuchelewa lilete mwishoni kama shida yenu wote wawili, ukiwa na zile barua pepe tano mkononi. Jioni mwandikie barua pepe fupi: asante kwa muda, tulikubaliana hiki na hiki. Hapo Chuma atakuwa amepata maandishi yake.

Nuru_Asubuhi

Na akikubali kwa mdomo tu? Salma atajuaje kwamba imeshindikana?

Mzee_wa_Utumishi

Ampe nafasi ya ripoti mbili. Ya kwanza anaweza kusahau, mazoea ni mazoea. Ya pili ikiwa vile vile, anapeleka juu: ukurasa mmoja, tarehe, alichoomba, alichojibiwa, na anachotaka kifanyike. Lakini akianza kutoalikwa vikao, au kazi zake zikahamishwa bila maelezo baada ya mazungumzo, hiyo ni dalili ya kisasi na asisubiri ripoti ya pili.

Salma_Takwimu

Shida yangu ni kalenda. Ripoti mbili ni miezi miwili. Fomu inafungwa baada ya siku 16 sasa.

Bahari_Tulivu

Jaza fomu mdogo wangu. Nafasi hairudi.

Mzee_wa_Utumishi

Hapa sina jibu safi. Akiomba uhamisho kabla ya kuzungumza, msimamizi ataiona fomu na mazungumzo yatageuka kuwa kuhusu kuhama kwake. Akisubiri, anaweza kuikosa nafasi ambayo baadaye angeitamani. Ningezungumza wiki hii, nikamsikiliza anajibu vipi, halafu nikaamua kuhusu fomu siku chache kabla haijafungwa. Ila si mimi nitakayekesha na takwimu hizo.

Chuma_cha_Pua

Mimi bado ningejaza.

Salma_Takwimu

Nimeomba nusu saa, amenipa Jumanne saa 4 asubuhi. Na leo mchana nilimpata dada mmoja wa ukusanyaji. Anasema wanachelewa kwa sababu tawi moja linaleta karatasi za mkono, na wao huziingiza moja moja kwenye mfumo siku ile ile ya mwisho. Msimamizi wao ameshaomba mara mbili tawi hilo lipewe kompyuta, hajajibiwa. Nikamuuliza kama ana nakala za maombi hayo. Anazo, atanitumia kesho.